Abiria 12 Waliorudi Kuwa 18: Rekodi Moja Inapohaririwa na Watu Wawili

(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya vijana wanaotengeneza mifumo ya ofisi)

Assalaam aleikum, wazee wangu, dada zangu na ndugu zangu.

Nimeletewa maombi nizungumzie hifadhidata, na hifadhidata ni bahari. Leo nitawapeleka mahali pamoja tu, mahali ambapo mfumo niliouandika mimi mwenyewe ulimdhulumu kijana wa watu.

Mfumo ulikuwa wa kusajili boti zinazovusha abiria kati ya Mokowe, kule bara, na kisiwani Lamu. Kila boti ilikuwa na mstari wake katika jedwali: jina la boti, nahodha, namba yake ya simu, na idadi ya juu ya abiria. Waliokuwa na ruhusa ya kuhariri walikuwa wawili. Dada mmoja alikaa Mokowe, basi zinaposhusha watu, na kijana mmoja alikaa huku jeti ya Lamu. Wote wawili walikuwa maadmini, na kila mmoja alifanya kazi kwenye kompyuta yake.

Asubuhi moja, saa 3:05, dada wa Mokowe alifungua fomu ya boti namba 41, kwa sababu nahodha alikuwa amebadilisha laini ya simu. Fomu ilimwonyesha kila kitu, pamoja na abiria 18. Akaandika namba mpya, lakini kabla hajabonyeza Hifadhi basi likaingia na watu wakamzonga dirishani. Fomu ikabaki wazi.

Saa 3:09 kijana wa jeti akafungua boti hiyohiyo. Alikuwa ametoka kukagua jaketi za kuokolea, akakuta sita zimechanika, nzima ni 12. Akashusha idadi ya abiria kutoka 18 hadi 12, akahifadhi saa 3:10, na mfumo ukamjibu: imehifadhiwa. Saa 3:21 dada akapata nafasi, akabonyeza Hifadhi. Naye akajibiwa: imehifadhiwa.

Alasiri karani mwingine akafungua orodha, akaona 18, akapanga watu 17. Alhamdulillahi nahodha alikuwa mtu wa kuhesabu mwenyewe. Alikataa kung'oa nanga. Ndipo kijana akaulizwa kwa nini hakubadilisha idadi. Akaapa kwamba alibadilisha. Hakuaminiwa, na mimi pia sikumwamini. Nilifungua rekodi, nikaona 18, nikasema labda alisahau kuhifadhi. Hilo bado linaniuma.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani. Dada hakugusa idadi ya abiria hata kidogo. Lakini fomu yangu ilikuwa ikituma safu wima zote kwa pamoja, zilizobadilishwa na zisizobadilishwa, na amri iliyofika kwenye hifadhidata saa 3:21, nikiacha jina na nahodha ili iwe fupi, ilikuwa hii:

```sql
UPDATE boti
SET simu = :simu, abiria = 18
WHERE id = 41;
```

Ile 18 ilikuwa picha ya saa 3:05. Ilikaa kwenye kivinjari cha Mokowe dakika kumi na sita, ikarudi ikalala juu ya 12. Hifadhidata ilitii ilivyoamriwa. Hakuna hitilafu iliyoandikwa kwenye logi wala ujumbe mwekundu, na ndiyo maana ugonjwa huu hukaa kwenye mfumo miaka bila kujulikana. Kwa lugha yetu tuuite badiliko lililopotea.

Mtautambuaje? Kuna dalili moja ninayoiamini. Thamani iliyopotea hairudi kuwa takataka wala tupu. Inarudi kuwa ileile ya zamani, sawasawa. Mtu akiwaambia "nilibadilisha, imejirudisha yenyewe", msimwone mwongo. Nendeni kwenye logi ya seva mtafute amri mbili za kuhifadhi rekodi hiyo zilizokaribiana, kutoka kwa watu wawili. Mimi nilipotafuta, nilizikuta ya saa 3:10 na ya saa 3:21. Nikavuka hadi jeti siku hiyohiyo kumwomba kijana radhi.

Wengi wenu mtaniuliza: si tungetumia muamala, yaani kuzifunga amri kadhaa pamoja zifaulu zote au isifaulu hata moja? Nilijiuliza hivyo pia. Muamala hausaidii hapa, kwa sababu kusoma kulifanyika katika ombi moja na kuandika katika ombi jingine. Kati ya hayo mawili hakuna muamala uliobaki wazi. Ulikwisha pale fomu ilipochorwa kwenye skrini. Kila `UPDATE` peke yake ilikuwa salama kabisa. Kosa liko katika zile dakika ambazo binadamu ameshika picha ya zamani.

Basi tufunge rekodi tangu mtu anapofungua fomu hadi anapohifadhi? Njia hiyo ipo, na `SELECT ... FOR UPDATE` ndiyo kazi yake. Lakini fikirini ofisi zetu. Mtu anafungua fomu, adhana ya adhuhuri inalia, anakwenda msikitini, anapitia nyumbani kula. Au umeme unakatika Mokowe. Rekodi itabaki imefungwa kwa jina la mtu ambaye hayupo, na mwenzake jeti atakaa anasubiri. Kufuli la namna hiyo linafaa kazi inayokwisha kwa sekunde chache ndani ya seva. Halifai muda wa binadamu.

Dawa niliyotumia inaitwa kufuli la matumaini. Wazo hili liliandikwa mwaka 1981 na watafiti wawili, Kung na Robinson. Matumaini yenyewe ni kwamba migongano ni michache, kwa hiyo tusimzuie mtu kufungua fomu; tumhoji anapohifadhi. Nikaongeza safu wima moja tu:

```sql
ALTER TABLE boti ADD COLUMN toleo INTEGER NOT NULL DEFAULT 1;
```

Fomu inapofunguliwa, namba ya toleo inapelekwa pamoja nayo kwenye uga uliofichwa. Inapohifadhiwa, namba ileile inarudi, na amri inakuwa hivi:

```sql
UPDATE boti
SET simu = :simu, abiria = :abiria, toleo = toleo + 1
WHERE id = :id AND toleo = :toleo_la_fomu;
```

Turudie ile asubuhi. Tuseme toleo lilikuwa 7. Dada anafungua, fomu yake inabeba 7. Kijana anafungua, yake pia inabeba 7. Kijana anahifadhi saa 3:10: mstari wenye id 41 na toleo 7 upo, unabadilishwa, abiria 12, toleo linakuwa 8. Saa 3:21 dada anatuma toleo 7. Hifadhidata inatafuta mstari wa 41 wenye toleo 7, haiuoni, na inajibu kwamba mistari iliyobadilishwa ni 0. Hiyo sifuri ndiyo kengele yetu. Lazima msimbo wenu uisome. Nimeona mifumo yenye safu wima ya toleo na `WHERE` nzuri kabisa, lakini hakuna anayeangalia idadi ya mistari. Mtu anaambiwa imehifadhiwa na badiliko lake limekwenda na maji.

Na wakibonyeza kwa pamoja, sekunde ileile? Katika PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, amri ya kwanza inashika mstari, ya pili inasubiri. Ya kwanza ikimaliza, ya pili inalipima upya sharti la `WHERE` dhidi ya mstari mpya, inakuta toleo 8, inarudisha sifuri. Ndiyo sababu ulinganisho ukae ndani ya `UPDATE` yenyewe. Mkisoma toleo kwanza, mkalilinganisha kwenye msimbo, kisha mkaandika, mmeacha mwanya kati ya kusoma na kuandika, na siku moja watu wawili watapita hapo kwa pamoja.

Kuna kosa jingine ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko yote, na naomba mlishike. Toleo la kulinganisha ni lile ambalo mtu aliliona alipofungua fomu. Wengine, mtu anapohifadhi, wanasoma rekodi upya, wanachukua toleo la sasa, wanabandika data za fomu juu yake, na kuhifadhi. Hapo toleo litalingana daima, na mlinzi wenu amelala. Anayetumia Hibernate, ile maktaba ya Java, na alama yake ya toleo `@Version` awe macho zaidi: ukiipakia rekodi upya kisha ukaiwekea kwa mkono toleo lililotoka kwenye fomu, Hibernate hutumia toleo ililolipakia yenyewe na kuipuuza namba yako. Linganisha wewe mwenyewe kabla ya kunakili data za fomu; mwanya unaobaki hadi kuandika, Hibernate huuziba kwa toleo ililolipakia.

Dada mmoja hapa mbele ameuliza kwa nini nisitumie saa ya badiliko la mwisho badala ya namba. Swali zuri. Katika MySQL, safu wima ya `DATETIME` isiyopewa maelezo zaidi haihifadhi sehemu za sekunde. Mabadiliko mawili ndani ya sekunde moja yatakuwa na muhuri mmoja, na la pili litapita bila kuhojiwa. Namba nzima inayopanda kwa moja haina shida hiyo.

Tukishapata sifuri, tumwambie nini mtu? Kwanza hakikisheni rekodi bado ipo, kwa sababu iliyofutwa nayo huleta sifuri. Kama ipo, msirudie kuhifadhi kimyakimya kwa toleo jipya. Mtakuwa mmeirudisha dhulma ileile kwa mlango wa nyuma. Pia msimfutie alichokwisha kuandika. Skrini yangu ya sasa ingemwonyesha dada hivi: "Rekodi hii imebadilishwa saa 3:10 na ofisi ya jeti. Abiria: ilikuwa 18, sasa 12. Simu uliyoandika bado haijahifadhiwa." Chini yake namba yake ya simu ipo vilevile. Anaikubali 12, fomu inabeba toleo 8, anahifadhi.

Mtasema, ungetuma tu safu wima iliyobadilishwa na mgongano huu usingekuwepo. Kwa kisa hiki, kweli. Lakini siku wote wawili watakapobadilisha abiria, mmoja 12 na mwingine 15, wa mwisho atamfuta wa kwanza tena bila kujua. Na kwa hesabu za kupungua, kama viti vilivyobaki, toleo halihitajiki. Andikeni `viti = viti - 2` yenye sharti `viti >= 2`, hifadhidata itawalinda.

Mpaka wa dawa hii ni kwamba inalinda pale tu ambapo kila mwandishi anaiheshimu. Mimi nilikuwa na programu ndogo iliyojiendesha usiku ikisahihisha majina ya manahodha bila kupandisha toleo, na fomu iliyoachwa wazi tangu jana yake iliweza kuyafuta masahihisho yote. Na kama jaketi zimeandikwa katika jedwali lao, kuzibadilisha hakupandishi toleo la boti mpaka mpandishe ninyi wenyewe.

Mkirudi kazini, fungueni rekodi moja kwenye madirisha mawili ya kivinjari. Dirisha la kwanza badilisheni idadi, hifadhini. La pili, bila kuliburudisha, badilisheni simu, hifadhini. Mkijibiwa "imehifadhiwa" mara zote mbili, fungueni rekodi mara ya tatu mtazame idadi.