Ndege ya usiku: mlo wa jioni, mto wa shingo na mkanda juu ya blanketi

ZAI: Haya karibuni tena wapendwa, tupo hapa Sinza kama kawaida. Leo kaka Baraka nataka tuongelee hizi ndege za usiku, zile unaondoka Teminali Tatu saa tano na nusu unafika Ulaya asubuhi, masaa tisa hivi hewani, maana mi safari iliyopita sikulala kabisa, nimeshuka shingo imekakamaa hata kugeuka siwezi.

BARAKA: Pole sana dada. Niambie kwanza, ulikula nini siku hiyo?

ZAI: Wali maharage nyumbani, mama kanipikia nitakataaje? Alafu kwenye ndege toroli likapita kama saa sita na nusu, nikala tena, kuku, mkate, na soda juu yake.

BARAKA: Basi tuanzie hapo hapo. Ndani ya ndege hewa haijazwi ikafika uzito wa hii ya huku chini, wanaiacha kama vile uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, yani ni kama umechukuliwa pwani ukawekwa Njombe ndani ya nusu saa. Sasa hewa inayokuzunguka ikipungua uzito, gesi iliyoko tumboni inatanuka, robo zaidi au hata theluthi, na maharage yanaleta gesi, soda nayo ni gesi tupu, alafu umekaa umekunja tumbo na mkanda umebana, hapo usingizi utatoka wapi?

ZAI: Loh! Mi nilijua ni mawazo ya safari tu.

BARAKA: Hapana, ni tumbo. Kula mapema nyumbani, saa moja na nusu hivi kabla hujatoka, wali kiasi na samaki wa kuchoma au ndizi za kuchemsha, maharage na kabichi uache mpaka ukifika. Ukishapanda mwambie mhudumu mapema kabisa, "dada naomba msiniamshe kwa chakula cha usiku, mniamshe kwa cha asubuhi", kwasababu ukisubiri toroli lije, ule, waje wakusanye trei, ishafika saa nane na masaa yako mawili na nusu yameliwa.

ZAI: Na chai je? Mi bila chai ya usiku sijisikii.

BARAKA: Chai na kahawa mwisho mchana, kafeini baada ya masaa matano bado karibu nusu yake iko mwilini. Na wale wanaosema glasi mbili za waini zinawalaza, ni kweli inakulaza haraka ila katikati ya usiku inakuamsha, mdomo umekauka, na hewa ya ndani yenyewe ni kavu kweli kweli. Maji tu, kidogo kidogo.

ZAI: Sawa, sasa shingo. Mto ninao, ule wa duara uliokatwa mbele, na bado niliumia.

BARAKA: Uliuvaaje? Sehemu nene ikiwa nyuma?

ZAI: Ndio, si ndo unavyovaliwa?

BARAKA: Wengi ndo wanavyovaa, ila ile nene ya nyuma inasukuma kichwa mbele, na ukishalala misuli ya shingo inalegea kichwa kinadondoka kifuani, unashtuka, unalala, unashtuka. Ugeuze, ile nene ije chini ya kidevu, uwazi uwe nyuma. Chagua siti ya dirishani upate pa kuegemea, ilaze kabisa, maana ukikaa wima uzito wote unaangukia kiunoni. Alafu kunja kanga iwe kama chapati ya kusokota, iweke pale mgongo unapobonyea juu ya kiuno.

ZAI: Miguu je? Mi huwa naning'inia.

BARAKA: Weka begi dogo chini ya nyayo, ukingo wa siti usikubane nyuma ya magoti. Usipishanishe miguu, na kila ukiamka simama kidogo au chezesha visigino, damu ikituama masaa mengi inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma baada ya safari, hata siku kadhaa mbele, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

ZAI: Hiyo ni muhimu jamani. Na baridi? Mi wa Dar, ile baridi inaniua.

BARAKA: Mwili wenyewe unashusha joto ukilala, kwahiyo jifunike kabla hujasikia baridi, soksi uvae. Ila mkanda ufunge juu ya blanketi, uonekane, ndege ikianza kutikisika wahudumu wanapita kukagua mikanda, wasipouona wanakuamsha.

ZAI: Hee, ndo maana waliniamsha mara mbili! Na kitambaa cha macho?

BARAKA: Kile chenye vikombe, kisichogusa kope. Kivae ndege ikishapaa tu, usisubiri wazime taa, mwanga wa skrini ya jirani unaweza kukusumbua usilale. Kama unavaa lenzi zitoe kabla, macho yanakauka.

ZAI: Mwezi ujao nasafiri tena, mama nishamwambia maharage tutakula nikirudi.