Salio la akaunti halikwambii faida yako

(Mhadhara kwa wanaonunua na kuuza hisa na sarafu za kidijitali)

Asanteni kwa kunipokea. Naomba mwenye kalamu aishike, kwa sababu nitaanza na hesabu moja ndogo na tutakuwa nayo karibu jioni nzima. Sitaji fedha ya nchi yoyote, kila mtu aweke anayotumia.

Mtu ananunua hisa 100 za kampuni moja mwezi wa pili, kila hisa kwa 10. Dalali anamkata kamisheni ya 10, kwa hiyo jumla amelipa 1,010. Mwezi wa tano ananunua nyingine 100 za kampuni ileile. Bei imepanda, sasa ni 16, na kamisheni ni 10 tena. Amelipa 1,610. Mwezi wa tisa anauza hisa 120 kwa bei ya 15. Anapata 1,800, dalali anakata 10 yake, mkononi inaingia 1,790. Mwaka unaisha akiwa na hisa 80, na bei sokoni imeshuka hadi 12.

Je, huyu mtu amepata faida au hasara mwaka huu?

Naona mnajumlisha. Aliwahi kunijia mama mmoja mwenye miamala ya namna hiihii, na hesabu yake ilikuwa fupi: nimetoa 2,620, nimepokea 1,790, nimepungukiwa 830, basi nina hasara na kodi hainihusu. Alikuwa ameandika kwenye ritani yake ya kodi kwamba hana faida. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alisoma taarifa ya akaunti yake ya benki kama sisi sote tunavyoisoma, kilichotoka na kilichoingia, akatoa moja kwa nyingine.

Kosa ni kwamba zile hisa 80 bado ni zake. Pesa aliyozinunulia haijapotea, imekaa ndani ya hisa. Sheria za kodi katika nchi nyingi huuliza jambo moja tu kila unapouza: kile ulichouza kimekuingizia kiasi gani, na kilekile ulichouza kilikugharimu kiasi gani ulipokinunua? Tofauti ya hizo mbili ndiyo faida au hasara iliyopatikana. Kilichobaki mkononi husubiri siku yake ya kuuzwa.

Sasa inakuja sehemu ngumu, na ndiyo inayonifanya nisimame hapa. Ameuza 120. Zipi? Hisa haina alama usoni. Kuna fungu la mwezi wa pili ambalo kila hisa, pamoja na kamisheni, ilimgharimu 10.10, na fungu la mwezi wa tano ambalo kila hisa ilimgharimu 16.10. Jibu la swali hilo hubadilisha kodi, kwa hiyo sheria huweka kanuni.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Marekani hufuata hiyo kwa hisa, isipokuwa kama mwenyewe alitaja fungu analouza wakati anauza. Kwa kanuni hiyo, huyu mtu ameuza zote 100 za mwezi wa pili, gharama 1,010, na 20 za mwezi wa tano, gharama 322. Gharama ya alichouza ni 1,332. Toa hiyo kwenye 1,790, inabaki faida ya 458. Yule aliyesema ana hasara ya 830 ana faida ya 458 ya kutangaza.

Kanuni ya pili ni wastani, nayo hutumika Kanada. Hisa zote 200 zilimgharimu 2,620, kwa hiyo kila moja ni 13.10. Alizouza 120 zina gharama ya 1,572, na faida ni 218. Uingereza nako huchanganya hisa kwenye kapu moja la wastani, lakini kabla ya kufika kwenye kapu hutazama kwanza kama ulinunua hisa zilezile siku hiyohiyo ya kuuza au ndani ya siku 30 baada yake.

Miamala ni ileile, mtu ni yuleyule, na faida ni 458 upande mmoja na 218 upande mwingine. Mauzo yakishapita, huchagui kanuni kwa kutazama ipi ina kodi ndogo. Unafuata ya nchi unakolipa kodi. Lakini tazameni jambo moja: kanuni zote mbili zinadai tarehe, idadi, bei na kamisheni ya kila ununuzi. Jumla ya mwaka haitoshi kwa yoyote kati yao. Ukimpelekea mhasibu wako karatasi inayosema "nilinunua hisa za 2,620", hawezi kukusaidia hata awe hodari namna gani.

Kuna kipimo ninachokipenda sana, na ningeomba kila mtu akifanye kabla ya kufunga mwaka. Hisa 80 zilizobaki zina thamani ya 960 kwa bei ya 12. Ongeza 1,790 aliyopokea, unapata 2,750. Toa 2,620 aliyotoa. Kwa ujumla amesonga mbele kwa 130. Sasa rudi kwenye daftari. Kwa kanuni ya kwanza, hisa 80 zilizobaki ziligharimu 1,288, na kwa kuwa sasa zina thamani ya 960, zimeshuka kwa 328. Faida ya 458 ukitoa 328 ni 130. Kwa wastani, zilizobaki ziligharimu 1,048, zimeshuka kwa 88, na 218 ukitoa 88 ni 130. Njia zote zinafika mahali pamoja. Zisipofika, kuna mstari umekosekana au umeandikwa mara mbili, na hakuna sababu ya kupeleka ritani mpaka uupate.

Tuingie kwenye daftari lenyewe. Liwe la karatasi au jedwali la kompyuta, kwangu ni sawa. Kila muamala una mstari wake: tarehe, umenunua au umeuza, kitu gani, idadi, bei, kamisheni, jumla. Watu wengi huishia hapo. Mimi nataka safu mbili zaidi mwishoni: idadi iliyobaki na gharama iliyobaki. Mstari wa mwezi wa pili unaisha na 100 na 1,010. Wa mwezi wa tano unaisha na 200 na 2,620. Wa mwezi wa tisa, kwa kanuni ya kwanza, unaisha na 80 na 1,288.

Safu hizo mbili ndizo zinazokuonyesha kosa mapema. Tuseme umesahau kuandika ununuzi wa mwezi wa tano. Ukifika kwenye mauzo, idadi iliyobaki inasoma 20 chini ya sifuri, na papo hapo unajua. Ukisahau mauzo, daftari halipigi kelele, kwa sababu hisa zinaonekana tu ni nyingi. Hilo hulioni mpaka ulinganishe idadi yako na ile ya dalali. Basi linganisha kila mwisho wa mwezi. Kosa la mwezi mmoja hulipata kwa dakika chache. Ukilinganisha mara moja kwa mwaka utapekua miamala yote.

Ndugu mmoja pale nyuma anauliza: dalali si ana rekodi zote? Ana zake. Zangu za kwa dalali mwingine hana. Nilihamisha hisa kutoka kwa dalali mmoja kwenda kwa mwingine, na taarifa ya yule wa pili ikaonyesha gharama ni sifuri, kwa sababu yeye aliziona zikiingia tu, hakujua nilizinunua lini wala kwa bei gani. Ningeiamini taarifa ile, siku ya kuuza ningelipa kodi ya bei nzima kana kwamba nilipewa bure. Kuhamisha kwenda kwenye akaunti yako mwenyewe si kuuza. Uandike mstari wake, ueleze zimetoka wapi kwenda wapi, na gharama ya zamani ifuatane nazo.

Kinyume chake ni sarafu za kidijitali, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi. Mtu anabadilisha sarafu moja kwa nyingine, hajagusa benki, anasema hajauza kitu. Marekani na Uingereza, kama nchi nyingine nyingi, huhesabu kwamba umeuza ile ya kwanza kwa thamani yake ya saa ile, kisha umenunua ya pili kwa thamani hiyohiyo. Ni mistari miwili kwenye daftari, na thamani ya siku ile lazima iandikwe siku ile. Ulinunua sarafu kwa 400, ukaibadilisha ilipokuwa na thamani ya 1,000, una faida ya 600. Hiyo sarafu ya pili ikishuka hadi 100 kabla mwaka haujaisha, faida ya 600 bado inadaiwa kodi, na hasara ya 900 haihesabiki mpaka uiuze. Watu wamejikuta wakidaiwa kodi kubwa kuliko mali waliyobaki nayo. Aliyeandika kila siku angeliona jambo hilo likija, na angeweza kuuza kwa hasara kabla mwaka haujafungwa ili hasara ipunguze faida.

Ila kuuza kwa hasara nako kuna tarehe zake. Marekani, ukiuza hisa kwa hasara na ukanunua zilezile ndani ya siku 30 kabla au baada, hasara hiyo haikubaliwi wakati huo. Inaongezwa kwenye gharama ya hisa mpya. Asiye na tarehe za miamala hawezi hata kujua kwamba imemkuta.

Jambo la mwisho ni fedha za kigeni, halafu nitapokea maswali. Umenunua kwa fedha ya nje kitu cha 1,000 wakati moja yake ni 20 za kwenu. Umeuza kwa 950, na siku hiyo moja yake ni 24. Skrini ya dalali inaonyesha hasara ya 50. Lakini ritani yako ni ya fedha ya kwenu: ulitoa 20,000, ukapokea 22,800, faida ni 2,800. Kila mstari ubebe kiwango cha ubadilishaji cha siku yake na uandike umekitoa wapi, kwa sababu mkaguzi atakuuliza. Uhifadhi pia hati ya dalali ya kila muamala, uipakue sasa, maana ukifunga akaunti huenda usiweze kuingia tena. Na muda wa kuzihifadhi usiuhesabu tangu uliponunua. Hisa uliyoinunua miaka 15 iliyopita ukiiuza leo, karatasi inayohitajika ni ya siku ile ya ununuzi, na miaka ya kuitunza inayotakiwa na sheria inaanza na ritani ya mwaka huu wa kuuza.

Karibuni kwa maswali.