Kiambishi kinachovujisha jibu: kutafsiri swali la mtihani lililopigwa picha

Walimu wenzangu, nanyi mnaotafsiri, maana ya tafsiri mnaijua, kwa hiyo siisemi. Naanza na nafasi iliyoachwa wazi, jambo ambalo nimelisema mara nyingi na bado naletewa kazi zenye kosa lilelile.

Mzazi mmoja alinitumia picha ya swali la biolojia la kidato cha pili, kutoka karatasi ya mwaka uliopita, pamoja na tafsiri aliyofanyiwa na mtu mwingine. Kwa Kiingereza sentensi ilianza na nafasi wazi, kisha ikasema kwamba kitu hicho ndicho kinachoongoza shughuli zote za seli. Machaguo yalikuwa manne: A. ukuta wa seli, B. utando wa seli, C. kiini, D. saitoplazimu. Alama 1. Mtafsiri aliandika: "______ kinaongoza shughuli zote za seli."

Isomeni kwa sauti. Ukuta kinaongoza? Utando kinaongoza? Saitoplazimu kinaongoza? Limebaki moja tu, na mtoto hajahitaji kujua seli ni nini. Kiingereza hakina upatanisho wa ngeli kwenye kitenzi, kwa hiyo swali la asili halikuvujisha chochote. Sisi ndio tumevujisha, kwa herufi mbili: ki.

Najua mtaniambia mtoto wa kidato cha pili haangalii viambishi. Hajui kutaja ngeli, kweli, lakini sikio lake limezijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Neno lisilopatana litamkwaruza kabla hajafikiri.

Dawa tunayo ndani ya lugha. Andikeni: "______ huongoza shughuli zote za seli." Hu- ya mazoea haibebi ngeli, ukuta huongoza, kiini huongoza, saitoplazimu huongoza, zote zinakaa. Karatasi ikiuliza "sehemu ipi ya seli", basi "inayoongoza" ni halali, kwa sababu inapatana na sehemu, si na jibu. Lakini msiandike "ni nini kinachoongoza" pale ambapo chaguo moja tu linaanza na ki-. Na kama sentensi ni ya wakati uliopita, hu- haifai. Hapo tafuteni nomino moja inayoyafunika machaguo yote, kisha mpeleke nafasi wazi mwishoni: "Kifaa kilichotumika kilikuwa ______." Ikiwa nomino hiyo inalitenga hata chaguo moja, itupeni.

Yule mtafsiri alikuwa ameongeza kosa la pili. Chaguo C karatasi ilisema kiini tu, yeye akaandika "kiini cha seli, kilicho katikati." Alitaka kusaidia! Chaguo lililorefushwa kuliko wenzake mtoto huhisi mara moja kuwa ndilo jibu. Neno ambalo karatasi haikuliweka, nawe usiliweke.

Kuna swali ambalo halitafsiriki, na lazima tukiri. Karatasi ikiuliza mnyama anayekula mimea tu huitwaje, na chaguo mojawapo ni "mlamimea", jibu limo ndani ya jina. Usanisinuru nao umebeba nuru yake. Swali linapopima istilahi yenyewe, tafsirini shina la swali, yaachieni machaguo yote manne maneno ya karatasi kama yalivyo, na mwambieni aliyeomba kwa nini. Msitafsiri matatu mkaacha moja, maana hilo moja litaonekana.

Muda umekwisha na nilikuwa na mengine, nitayapitia haraka. Neno la kukanusha lililoandikwa kwa herufi kubwa liandikeni SI, kwa herufi kubwa vilevile. "Taja" haigeuki kuwa "eleza". Anayetakiwa kutaja mambo mawili kwa alama 2 ataandika ukurasa mzima bure. "Jibu sahihi" na "jibu sahihi zaidi" ni maagizo mawili tofauti. Mpangilio wa A hadi D haubadiliki, na karatasi ikiwa imekosea, kosa hutafsiriwa lilivyo; sahihisho lako liweke nje ya swali.

Na picha. Alama mara nyingi huwa ukingoni kulia, na ukingo ndio hukatwa. Maagizo ya "jibu maswali yote" yako juu ya sehemu nzima, hayamo kwenye swali moja lililopigwa. Kipeo kikififia, 10³ husomeka 103. Msikisie. Andikeni [haisomeki] mahali palepale, kisha ombeni picha nyingine, iliyopigwa wima, ukurasa mzima, bila kidole gumba.