Mabano mawili na wingi wa maneno yetu

Kuandika `[[Muhogo]]` ili kuunganisha dokezo na dokezo mnajua nyote, sitarudi huko. Leo nataka mfungue kidirisha cha `Backlinks` ambacho wengi wenu hamkigusi kabisa katika Obsidian, programu yetu ya madokezo: kile kinachoonyesha madokezo yanayolitaja dokezo ulilofungua. Juu kuna `Linked mentions`, yaani pale ulipoweka mabano. Chini kuna `Unlinked mentions`, pale ulipolitaja jina ukasahau mabano. Hiyo ya chini ndiyo inayotuumiza sisi tunaoandika Kiswahili.

Nina dokezo liitwalo Muhogo. Msimu mzima niliandika nikiwa shambani: “mihogo ya bondeni imeoza ndani”, “nzi weupe wamejaa kwenye mihogo”. Nikafungua Muhogo, chini hakuna kitu! Programu inalinganisha herufi tu. Haijui kwamba mihogo ni muhogo. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni: mkopo, mikopo, chombo, vyombo, jino, meno. Basi mwambie mwenyewe, juu kabisa ya dokezo:

```
---
aliases:
  - mihogo
---
```

Hiyo ni lakabu. Sasa sentensi zote mbili zinajitokeza, na ukibonyeza `Link` inaandikwa `[[Muhogo|mihogo]]`. Sentensi yako inabaki ilivyosomeka. Ila usilifanye neno la kila siku kama “jani” kuwa lakabu, utafurikiwa. Wala usibonyeze kila kinachojitokeza. Soma kwanza.

Najua kuna anayesema: si nitafute tu “mihogo”? Tafuta, lakini ili utafute lazima ukumbuke neno. Mwezi Novemba niliandika hivi:

```
[[Pingili za Novemba]] zimetoka kwa jirani mwenye [[Michirizi ya kahawia]] shambani.
```

Ugonjwa huo huenezwa na nzi weupe, na pia husafiri ndani ya pingili. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nasoma dokezo la ugonjwa, pingili zimenitoka kabisa akilini. Kidirisha kikaniletea sentensi ile nzima, na jirani yumo. Nikaenda kukagua mistari ile siku hiyohiyo. Ningetafuta neno gani?

Ndiyo maana nakataa zile orodha za “angalia pia” mnazorundika mwisho wa dokezo. Kidirisha huonyesha maneno yaliyoyazunguka mabano. Kama yamezungukwa na majina matupu, utaletewa majina matupu, na sababu ya kuunganisha itakuwa imepotea. Weka mabano ndani ya sentensi inayosema kwa nini.

Muda umeniishia, kwa hiyo la kubadilisha majina nalisema kwa haraka. Badilisha jina la dokezo ndani ya Obsidian, nayo itarekebisha viungo. Ukilibadilisha kwenye kabrasha la simu huku programu imefungwa, viungo vya zamani vinakatika. Utavijua kwa rangi iliyofifia. Usikibonyeze kiungo hicho, kwani utaundiwa dokezo jipya tupu lenye jina la zamani, na rangi itarudi kana kwamba hakuna kilichoharibika.