Njia ipo wazi? Mbwa anaposhindwa kuzaa

Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa na wahudumu wa mifugo, Kampala

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie mbwa aliyekwama katika kuzaa. Nitashika swali moja tu: tumpe dawa, au tumpasue?

Kwanza, tujue amekwama lini. Mbwa anaweza kupumzika saa moja au mbili kati ya mtoto na mtoto akiwa ametulia, ananyonyesha, hana shida. Asiyepaswa kusubiriwa ni yule anayesukuma kwa nguvu nusu saa mtoto hatoki, au anayesukuma kidogo kidogo zaidi ya saa mbili bila matokeo. Angalieni pia uchafu wa kijani kibichi. Ukitoka baada ya mtoto wa kwanza, ni jambo la kawaida. Ukitoka kabla yake na mtoto hafuati, kondo limeanza kubanduka na hewa ya mtoto inakatika.

Sasa niwape kisa. Mbwa wa ulinzi, jamii ya Jamani shefadi, kilo 28, uzazi wa kwanza, nyumba moja upande wa barabara ya Entebbe. Mtoto wa kwanza alitoka saa tatu usiku, wa pili saa nne na nusu, kisha kimya. Saa nane mwenyewe akanipigia: “Daktari, nimeshanunua oksitosini, nimchome ngapi?” Nikamwambia, “Usichome kitu, mzee, mlete.”

Kwa nini nilimkataza? Oksitosini huubana mji wa mimba. Mtoto akiwa amekaa vibaya au ni mkubwa kuliko nyonga, unaubana mji dhidi ya mlango uliofungwa, nao unaweza kupasuka. Hata usipopasuka, mbano usioachia hukata damu iendayo kwa watoto. Kwa hiyo kabla ya sindano mimi hutaka majibu mawili: njia ipo wazi, na watoto wana hali gani?

Nilivaa glovu, nikatia mafuta, nikapitisha kidole. Njia ilikuwa tupu, mlango umefunguka. Kidole hakifiki mbali kwa mbwa mkubwa, hivyo jibu hilo lilikuwa nusu tu. Eksirei ingenionyesha zaidi, ila usiku ule haikuwepo. Ultrasaundi ilionyesha watoto wanne, mioyo yote ikipiga zaidi ya mara 180 kwa dakika. Hapo mtoto hajachoka. Ikishuka chini ya 180 naanza kuwa na wasiwasi; chini ya 160 natafuta kisu.

Mama alikuwa amechoka, misuli imelegea. Nikaanza na kalsiamu, maana ndiyo inayoupa mbano nguvu. Oksitosini huongeza tu idadi ya mibano. Nilimpa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 5 na nusu, nikaichanganya na maji ya dripu kiasi hichohicho, chini ya ngozi. Anayeipitisha kwenye mshipa aipitishe polepole mno huku anasikiliza moyo, na moyo ukianza kwenda taratibu aache papo hapo.

Baada ya robo saa nikachoma oksitosini yuniti 1 kwenye msuli. Tafadhali tazameni hapa. Chupa nyingi zina yuniti 10 katika mililita moja, kwa hiyo yuniti 1 ni sehemu ya kumi ya mililita. Kwenye bomba la sindano la insulini la yuniti 100, hiyo ni mstari wa 10, si mstari wa 1, kwani alama zile ni za insulini. Na mtu akizoea kipimo cha ng'ombe, atamuua mbwa.

Dakika 20 baadaye mtoto akatoka, hai. Tukafurahi mapema. Nikangoja dakika 40, nikarudia yuniti 2: hakuna kitu. Nikapima tena, moyo mmoja ulikuwa 150. Hapo sikufikiria sindano ya tatu. Dozi mbili, mtoto anachoka, na pengine kuna kitu nisichokifikia kwa kidole.

Tulimlaza kwa propofoli na kumfanyia ganzi ya lidokaini pale pa kukata. Zailazini, ambayo wengi wetu tunayo mfukoni, niliiacha kwa sababu inawalegeza watoto hata wasiweze kuvuta pumzi. Ndani nilimkuta mtoto amelala kimkingamo pale pembe mbili za mji zinapokutana, amewazibia wenzake wawili. Yeye ndiye aliyesumbua: tulimfuta pua, tukamsugua kwa taulo dakika kadhaa ndipo akalia. Watatu wote walipona.

Dada pale nyuma anauliza kama angeondolewa mji wa mimba palepale angekosa maziwa. Hapana. Maziwa hayategemei mji wa mimba wala mayai ya uzazi, atanyonyesha vizuri tu. Ila upasuaji unarefuka na damu inapotea zaidi, kwa hiyo mama aliyechoka sana mimi namshona kwanza, la kumfunga uzazi tunalipanga baadaye.