Se me cayó: kikombe kinapomponyoka mtu katika Kihispania

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru kwamba mmekuja wengi hivi kusikiliza maneno matatu tu.

Mtoto yuko jikoni Madrid. Glasi imelala vipande vipande sakafuni, mama yake anachungulia mlangoni. Mtoto anasema: *Se me ha caído*. Angekuwa Meksiko, pengine angesema *se me cayó*. Miaka mingi nimefundisha Kihispania, na kila darasa huwa linakwama hapa. Wanafunzi wanajua *caer* ni kuanguka, wanajua *me* ni mimi, basi wanadhani mtoto anasema "nimeanguka". Hakuanguka. Kilichoanguka ni glasi.

Tuifungue sentensi nzima: *Se me cayó el vaso*. Kiima, yaani kile kinachotawala kitenzi, ni *el vaso*, glasi, ingawa imekaa mwishoni. *Cayó* ni "ilianguka". *Se* inaonyesha kwamba jambo limejitokea lenyewe, hakuna mtu anayetajwa kulitenda. Na *me* si mtendaji. Ni mtu ambaye jambo lile limemfika. Kumbukeni neno hilo, limemfika, kwa sababu mazungumzo yangu yote ya leo yamesimama juu yake.

Mnaweza kupima wenyewe kwamba glasi ndiyo kiima. Zikianguka glasi mbili, kitenzi hubadilika: *se me cayeron los vasos*. Mimi bado ni mmoja, *me* haijaguswa, lakini kitenzi kimefuata wingi wa glasi. Anayesema *se me cayó los vasos* amefanya kosa lile lile la mtu anayesema "vikombe kimevunjika". Mtu akibadilika, ndiyo *me* inapisha: *se te cayó*, wewe, *se nos cayó*, sisi, *se le cayó*, yeye. Hiyo *le* haisemi ni nani, kwa hiyo jina huongezwa mbele, tena pamoja na *a*: *A Rosa se le perdieron las llaves*, Rosa amepotelewa na funguo. Wanafunzi wangu huisahau *a* hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ukiiondoa, Rosa anageuka kuwa kiima ambacho hakina kitenzi.

Mpangilio nao haubadiliki. Kuna Wahispania wanaosema *me se cayó*, na huchekwa​ kwelikweli kwa hilo. Walimu wa huko wana njia ya kuwakumbusha watoto: *semana* huja kabla ya *mes*, wiki kabla ya mwezi. Basi *se* kabla ya *me*.

Sasa njooni nyumbani kidogo, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa kwa Waingereza haviwezi kumpa. Sisi tunasema "nimepotelewa na ufunguo": *se me perdió la llave*. Tunasema "nimeishiwa chumvi": *se me acabó la sal*. Tunasema "nimeharibikiwa na gari", na Mmeksiko anasema *se me descompuso el coche*. Wali ukiniungulia, *se me quemó el arroz*. Hatumtaji mtendaji hata kidogo, lakini mtu hatumwachi nje ya habari. Njia ya sarufi ni nyingine, wao wana viwakilishi viwili vidogo na sisi tuna viambishi ndani ya kitenzi, ila fikra tunaifahamu tangu utotoni.

Lakini kuna mtego. Ukitaka kufasiri *se me cayó el vaso* neno kwa neno utasema "glasi imeniangukia", na hapo utakuwa umesema kwamba imekupiga kichwani. Kwa maana hiyo Mhispania huongeza *encima*, juu yangu. Neno letu la haki ni kuponyoka: glasi imeniponyoka. Kusahau nako kunatudanganya. *Se me olvidó* ni kama jambo limenitoka kichwani, au nilipitiwa. Msijaribu "nimesahauliwa", maana hiyo ni habari nyingine, tena ya kusikitisha.

Si kila kitenzi kinakubali umbo hili. Vinavyokubali ni vile ambavyo kitu chenyewe kinaweza kupatwa na badiliko: kuvunjika, kumwagika, kupotea, kuungua, kuisha. Siwezi kuandika barua kwa bahati mbaya kisha niseme *se me escribió la carta*. Barua haijiandiki. Wala mpira niliokosea kuupiga haufai kwa *se me pateó*. Vilevile umbo hili halikai na kusudi. *Se me rompió a propósito*, yaani "iliniharibikia kwa makusudi", humfanya Mhispania akunje uso. Nikitaka kukiri kwamba mimi ndiye niliyevunja, nasema *rompí el vaso*, na sasa mimi ndiye kiima.

Hapo huja swali ambalo huulizwa kila ninapofundisha: je, hii si njia ya kukwepa lawama? Nalikataa, na ushahidi wangu ni msiba. Mhispania aliyefiwa na baba yake anaweza kusema *se me murió mi padre*. Ni sawasawa na sisi tunaposema "baba amenifia". Hakuna lawama ya kukwepa pale. *Me* ipo kwa sababu kifo kimemfika huyu anayesema. Ndiyo ile ile iliyopo kwenye glasi.

Hata hivyo, namna ya kusema ina athari zake. Mwaka 2011 watafiti Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wazungumzaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Waliwaonyesha video fupi za watu wakivunja au kumwaga vitu, mara kwa kusudi, mara kwa bahati mbaya. Kwenye matukio ya kusudi, makundi yote mawili yalimtaja mtendaji na kumkumbuka sawa. Kwenye ajali, wazungumzaji wa Kihispania walimtaja mtendaji kwa nadra zaidi kuliko wale wa Kiingereza, na baadaye walimkumbuka kidogo kuliko wao. Sisemi kwamba lugha imewafunga macho. Nasema sentensi iliyo tayari mdomoni inaelekeza jicho liangalie wapi.

Na mahali ambapo jambo hili linauma ni chumba cha polisi. Mwanaisimu Luna Filipović amechunguza mahojiano ya polisi huko Kalifonia, ambako mtuhumiwa husema Kihispania na mkalimani hugeuza kwa Kiingereza. Katika mojawapo, mtuhumiwa anaeleza jinsi mwanamke alivyoanguka, na anatumia *se me cayó*. Kiingereza hakina umbo la namna hiyo, kwa hiyo mkalimani analazimika kuchagua. Akisema "alianguka", mtuhumiwa anatoweka kabisa kwenye tukio, wakati mwenyewe amejitaja. Akisema "nilimwangusha", mtuhumiwa anakuwa mtendaji, na kauli hiyo haikatazi kusudi, ilhali ile ya Kihispania inalikataza. Kilichoingia kwenye tafsiri ni hicho cha pili. Mtu amesema jambo moja, na polisi wanaousoma ukurasa wanasoma jingine.

Mkalimani wa Kiswahili angekaa kwenye kiti kile, angekuwa na neno mkononi. Angeandika: aliniponyoka.