Siku kumi na nne za magunia zinaanza lini?

Ndugu viongozi wa vyama vya msingi, makatibu na watunza ghala wa hapa Mtwara, nitazungumzia jambo moja tu: yale mnayomwuliza muuzaji wa magunia kabla msimu wa korosho haujafunguliwa.

Tuchukue mfano wa chama kinachotarajia kukusanya tani 400. Gunia la juti hubeba kilo 80 za korosho ghafi, kwa hiyo yanahitajika magunia 5,000. Ongezeni 250 kwa ajili ya yatakayochanika. Mnampigia muuzaji, naye anajibu, "Siku kumi na nne tu, mheshimiwa." Wengi wetu tunakata simu tukiwa tumeridhika. Mimi nawaomba msiikate. Mwulizeni siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini: siku ya oda, siku malipo ya awali yanapoingia benki, au siku nyuzi za juti zinapofika kiwandani? Na je, Jumamosi na Jumapili zimo? Siku 14 za kazi, kwa wiki ya siku tano, ni karibu wiki tatu.

Swali la pili ndilo zito zaidi, nalo ndilo linalosahaulika: mbele yetu kuna oda za magunia mangapi? Tuseme kiwanda kinashona magunia 2,000 kwa siku. Ukisikia hivyo unadhani oda yako itaisha kwa siku tatu. Lakini Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa nao wanataka magunia wakati huohuo. Kama kuna oda za magunia 40,000 mbele yenu, foleni peke yake ni siku 20 za kazi. Jumlisha siku tatu zenu na mbili za lori: siku 25, yaani wiki tano. Mkitaka mzigo uwe ghalani tarehe 15 Septemba, malipo ya awali yaingie kabla ya tarehe 11 Agosti, na wiki moja mapema zaidi ni salama. Basi maswali haya yaulizwe Julai, na majibu yaje kwa maandishi.

Mtajuaje kama jibu ni la kweli? Mwulizeni ingekuwaje kama mngetaka magunia 10,000. Akisema bado ni siku 14, hajaangalia foleni wala stoo yake. Mwenye hesabu atawaambia nyuzi alizonazo zinatosha magunia mangapi, na shehena nyingine ataipata lini.

Hapo anaweza kukiri kwamba mzigo wote hautawahi. Msimkasirikie, hiyo ni habari mnayoihitaji mapema. Mwombeni awaletee 2,000 ifikapo tarehe 1 Septemba, yaliyobaki yafuate kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Na kama hataki kuandika tarehe hata ya mkupuo wa kwanza, Julai bado mnao muda wa kumtafuta muuzaji mwingine. Oktoba, mkulima akiwa ameshika foleni mizanini, muda huo haupo.